"Ndugu yako yuko hoi, tuma hela": ujumbe wa dereva teksi

Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya waliotapeliwa kwa simu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hubahatisha tu. Ule wa ajali ni mbaya zaidi, kwa sababu unamnyang'anya mtu nafasi ya kuuliza. Chukua kisa cha dereva mmoja wa teksi, kijiwe cha Mwenge, Dar es Salaam:

"Ndugu yako kapata ajali hapa Kibaha, yuko hoi. Dokta anataka 180,000 aingie upasuaji. Simu yake imevunjika. Tuma namba hii haraka."

Jina halimo. Nani asiye na ndugu? Na ile simu iliyovunjika imewekwa makusudi, ili usimpigie mwenyewe.

Bahati mbaya, dereva ana mdogo wake Kibaha, tena wa bodaboda. Akapiga: hapatikani. Wengi hutuma hela hapo hapo, wakati simu kuisha chaji ni jambo la kila siku. Yeye akapiga namba iliyotuma ujumbe, jina la mdogo wake akalibana moyoni.

"Dokta, mgonjwa anaitwa nani?"

"Kaka, hawezi kuongea. Tuma kwanza."

Angeuliza, "Ni Hamisi?" angejibiwa, "Ndiyo, Hamisi." Hivyo ndivyo matapeli wanavyookota majina: unawapa mwenyewe.

"PF3 imetoka kituo gani cha polisi?"

Simu ikakatwa. PF3 ni fomu ya polisi kwa majeruhi, na majeruhi wa ajali za barabarani huandikiwa. Sisemi asiyeijua ni tapeli, maana mgonjwa mahututi anaweza kuhudumiwa kwanza, fomu ikafuata. Ndiyo maana dereva hakuishia hapo. Alimpigia shemeji yake kwa namba aliyokuwa nayo siku zote.

"Shem, mwenzio yuko wapi?"

"Huyu hapa anakula, simu yake iko kwenye chaji. Kwani kuna nini?"

Kilichomwokoa ni hiyo simu ya mwisho, kwa sababu namba haikutoka kwa tapeli. Kama shemeji naye asingepatikana, ningemshauri aombe kumbukumbu namba ya malipo. Hospitali za serikali hulipwa kwa hiyo, si kwa simu ya mtu binafsi. Pia kabla ya namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome, ila jina la kawaida lisikutulize: laini nyingi za utapeli zimesajiliwa kwa majina ya watu wasiojua lolote.

Ujumbe wenyewe aliusambaza kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, badala ya kuufuta kwa hasira. Ukiwa umeshatuma hela, usianze na huko. Piga kwanza huduma kwa wateja wa mtandao wako uombe muamala uzuiwe, maana tapeli akishafika kwa wakala na kutoa, kuzirudisha ni kazi ngumu.