Sumukuvu: kwa nini gunia safi kwa macho linaweza kuwa na sumu

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Jina lake la kitaalamu ni aflatoksini, nalo limeundwa kutokana na jina la ukungu wenyewe, aspajilasi flavasi: "a" ya aspajilasi, "fla" ya flavasi, kisha toksini, yaani sumu. Iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza mwaka 1960, na chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga waliyolishwa.

Ukungu ni kitu kimoja na sumu ni kitu kingine, na hapo ndipo wengi hukosea. Ukungu huu wa kijani chenye unjano unaishi udongoni na unaweza kuingia kwenye hindi likiwa bado shambani, hasa ukame ukilibana. Ukiufuta au ukiuua, sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki ndani ya punje. Moto wa ugali hauiondoi, na kuchoma karanga hupunguza sehemu yake tu. Haina rangi wala harufu ya kukutahadharisha.

Kinachoamua zaidi ghalani ni maji yaliyomo ndani ya punje. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Karanga zina mafuta mengi, kwa hiyo zinatakiwa zikauke zaidi, hadi asilimia 7 hivi. Mahindi yanayosikika makavu mkononi wakati wa kupukuchua mara nyingi bado yana asilimia 18.

Tuchukue gunia la kilo 100 lenye unyevu huo. Kilo 18 ni maji na 82 ni hindi lenyewe. Ukilikausha hadi asilimia 13.5, mzani utasoma kilo 95 kasoro kidogo. Kilo tano zimeruka na jua, na mnunuzi analipa kwa kilo. Sishangai basi kwamba mahindi mabichi hufika sokoni kila msimu.

Mwaka 2004 hatari ya mahindi yasiyokauka ilionekana mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mvua ilikuta mahindi hayajakauka, na familia nyingi zikayahifadhi yakiwa na unyevu, mengine ndani ya nyumba za kulala. Watu 317 waliugua ini likishindwa kufanya kazi, na 125 kati yao wakafariki. Hiyo ni sumu nyingi kwa muda mfupi. Kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Kupima unyevu bila mashine, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo, jaza mahindi hadi theluthi, funga, tikisa, kisha uiache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, usishangilie mapema, kwa sababu kipimo hiki hakiwezi kutofautisha 14.5 na 13.5. Mimi ningeyaanika siku moja zaidi juu ya turubai. Kuanika juu ya udongo ni kuyarudishia ukungu.

Mahindi makavu nayo hulowa tena. Gunia lililolazwa sakafuni hunyonya unyevu wa chini, na lililoegemea ukuta hupata matone ya usiku. Ndiyo maana magunia hupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta. Dumuzi na fukusi nao hutoboa punje, hupumua na kutoa joto na mvuke, hivyo katikati ya gunia kavu pakazuka doa la uvundo. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, huzuia hilo: wadudu huimaliza hewa iliyomo na kufa, na ukungu hukosa pumzi. Lakini ukifungia humo mahindi mabichi yatavunda, na yenye sumu yatabaki na sumu.

Kwenye karanga kuna kosa la pekee: kulowesha maganda ili yamenyeke kirahisi. Kazi yote ya kuanika inapotea kwa ndoo moja ya maji.

Kiwango kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kilo. Katika gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu moja, uzito wa punje chache za sukari. Tena haienei sawasawa. Punje moja yaweza kubeba sumu nyingi na jirani yake ikawa safi. Sampuli ya konzi moja kwa hiyo haitoshi. Lakini kwa sababu hiyohiyo, kuchambua punje zilizovunjika, kusinyaa au kubadilika rangi hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Kukoboa pia husaidia, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Pumba hizo zisipelekwe kwa ng'ombe wa maziwa: sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa.