Kwa nini bromini huchagua haidrojeni ya kung'oa, na klorini hung'oa yoyote?

Swali: "Propani na klorini kwenye mwanga zinatoa vitu viwili, karibu nusu kwa nusu. Nikitumia bromini, kinatoka kimoja karibu chote. Zote mbili ni halojeni, kwa nini zitofautiane hivyo?"

Kwa atomu ya klorini, kung'oa haidrojeni kwenye kaboni ni kazi nyepesi mno, kiasi kwamba tofauti kati ya haidrojeni moja na nyingine haionekani sana. Kwa atomu ya bromini kazi hiyo ni nzito, na katika kazi nzito tofauti ndogo huamua kila kitu.

Tuitazame molekuli yenyewe. Propani ina kaboni tatu kwa mstari. Kaboni mbili za pembeni zina haidrojeni tatu kila moja, jumla sita. Ya katikati ina mbili. Ukimfumba mtu macho na kumwambia ang'oe haidrojeni moja, mara sita kati ya nane, yaani asilimia 75, atang'oa ya pembeni. Klorini kwenye nyuzi 25 za Selsiasi hutoa takriban asilimia 45 ya 1-kloropropani (klorini imekaa pembeni) na 55 ya 2-kloropropani (imekaa katikati). Bromini, kwenye nyuzi kama 125, hutoa asilimia 3 tu ya pembeni na 97 ya katikati.

Asilimia hizo zigawanye kwa idadi ya haidrojeni ndipo uone upendeleo halisi. Kwa klorini, 55 kwa 2 ni 27.5, na 45 kwa 6 ni 7.5: haidrojeni moja ya katikati inang'olewa karibu mara 4 kuliko moja ya pembeni. Kwa bromini, 97 kwa 2 ni 48.5, na 3 kwa 6 ni 0.5: karibu mara 100. Vitabu vingi huandika 82, na usishtuke, kwani asilimia 3 ikiwa kwa kweli ni 3.5 hesabu inashuka hadi 83. Hoja haibadiliki.

Sasa twende kwenye mmenyuko. Huu ni mmenyuko wa mnyororo, na unaendeshwa na radikali huru, yaani chembe yenye elektroni moja isiyo na mwenza. Mwanga huvunja molekuli ya klorini ziwe atomu mbili, kisha hatua mbili hujirudia maelfu ya mara:

```
Cl2 → 2 Cl•              (mwanga)
Cl• + C3H8 → HCl + C3H7•
C3H7• + Cl2 → C3H7Cl + Cl•
```

Atomu ya klorini inayotoka mstari wa mwisho hurudi kuanza mstari wa pili. Mnyororo hukatika pale radikali mbili zinapokutana na kuunganisha elektroni zao, jambo linalotokea kwa nadra kwa sababu radikali ni chache sana ndani ya chombo. Kwa bromini, weka Br mahali pa Cl. Mistari ni ileile.

Uchaguzi hufanyika mstari wa pili. Haidrojeni ikishang'olewa, mahali pa halojeni pameshaamuliwa, na mstari wa tatu unajaza tu nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo swali zima limo katika hatua hiyo moja.

Kuvunja bondi ya haidrojeni ya pembeni mwa propani kunahitaji takriban kJ 423 kwa moli, na ya katikati kama 413. Ya katikati ni rahisi zaidi kwa kuwa radikali inayobaki imepakana na kaboni mbili, na elektroni za bondi za majirani hao husaidia kubeba upungufu wa ile isiyo na mwenza. Tofauti ni kJ 10 hivi, na ni ileile awe anayeng'oa ni klorini au bromini. Hapo ndipo wengi hukwama: ikiwa tofauti ni moja, mbona matokeo ni mawili?

Hesabu upande wa malipo. Klorini ikishika haidrojeni, bondi ya HCl inarudisha kJ 431. Kwa hiyo kung'oa ya pembeni kunaachia kJ 8, na ya katikati kJ 18. Zote mbili ni mteremko. Bondi ya HBr inarudisha 366 tu, hivyo bromini inadaiwa kJ 57 kwa ya pembeni na 47 kwa ya katikati. Huo ni mlima. (Mnyororo hausimami, kwa sababu hatua inayofuata, radikali ya propili kuchukua atomu kutoka Br2, hulipa karibu kJ 100.)

Kasi ya mmenyuko haiamuliwi na mwisho wa safari, inaamuliwa na kilele kinachovukwa njiani, ambacho wakemia hukiita hali ya mpito. Mwaka 1955 George Hammond alieleza kwamba hali ya mpito hufanana na upande ulio karibu nayo zaidi kinishati. Kwa klorini kilele kipo mwanzoni kabisa mwa safari: bondi ya haidrojeni imevutika kidogo tu, na radikali ya kaboni haijaanza kuonekana. Ubora wa radikali isiyokuwepo bado hauna la kusema, na vilele viwili vinapishana kwa kJ 3 au 4 tu. Kwa bromini kilele kipo mwishoni. Bondi imekaribia kuvunjika, radikali imekaribia kukamilika, na karibu tofauti yote ya nishati imeshajitokeza pale juu.

Wanafunzi wengi hujibu "klorini ni tendaji zaidi, kwa hiyo haichagui" na kuishia hapo. Si kosa, lakini jibu hilo halielezi kitu mpaka useme kilele kiko wapi. Na zingatia joto: joto kwa kawaida hupunguza uchaguzi, lakini bromini huchagua vizuri kwenye nyuzi 125 kuliko klorini kwenye 25.

Kanuni hiyohiyo inaeleza majirani zao. Florini hulipwa sana hivi kwamba mmenyuko unaweza kulipuka. Iodini hudaiwa zaidi ya kJ 110, hivyo mnyororo haushiki kabisa.

Ukiwa maabara, bromini hujionyesha yenyewe: rangi nyekundu-kahawia hufifia, na gesi ya HBr ikikutana na hewa yenye unyevu hutoa moshi mweupe unaogeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu. Kuonekana kwa moshi hakuthibitishi uchaguzi, maana HBr hutoka popote haidrojeni ilipong'olewa. Angalia kiwango cha kuchemka: 2-bromopropani huchemka karibu nyuzi 59, na 1-bromopropani karibu 71. Weka propani nyingi kuliko halojeni, la sivyo bidhaa nayo itashambuliwa na utapata molekuli zenye halojeni mbili au zaidi.

Bromini ina mpaka wake. Inachagua bondi dhaifu, haichagui unachotaka wewe. Ukihitaji 1-bromopropani, njia hii itakupa asilimia 3 na hakuna namna ya kuibembeleza. Hapo anza na propeni, ile C3H6 yenye bondi mbili kati ya kaboni, uiongezee HBr pamoja na peroksidi. Atomu ya bromini itakaa kwenye kaboni ya mwisho, kwa sababu kwa kukaa pale inaacha elektroni isiyo na mwenza kaboni ya katikati.