Sifuri ya derivativu ya pili haitoshi

Kila msimu wa mitihani ya kidato cha sita hapa Uganda, sentensi hii hurudi kwenye majibu ya wanafunzi: "derivativu ya pili ni sifuri, kwa hiyo hapo ni nukta ya mgeuko." Hiyo "kwa hiyo" ndiyo inayonikera.

Nukta ya mgeuko ni mahali ambapo mchoro unaacha kujipinda kuelekea juu na kuanza kujipinda kuelekea chini, au kinyume chake. Basi. Kwenye hesabu, upande wa mpindo unaonyeshwa na alama ya derivativu ya pili: chanya ni juu, hasi ni chini. Derivativu hiyo ikiwa endelevu, haiwezi kutoka hasi hadi chanya bila kupita sifuri. Kanuni inasema hivyo tu: pakiwa na mgeuko, utakuta sifuri. Haisemi kwamba pakiwa na sifuri, utakuta mgeuko. Watu wameigeuza kichwa chini miguu juu.

Chukua y = x⁴. Derivativu ya kwanza ni 4x³, ya pili ni 12x². Pale x = 0, ya pili ni sifuri kweli. Lakini sogea kidogo kushoto, x = -0.1: unapata 0.12. Sogea kulia, x = 0.1: unapata 0.12 ileile. Chanya, sifuri, chanya. Mfikirie mwendesha boda kwenye kona ndefu ya kushoto ambaye usukani wake unanyooka kwa nukta moja tu, kisha anaendelea kukata kushoto. Huwezi kusema amegeukia kulia.

Linganisha na x³, ambayo derivativu yake ya pili ni 6x. Kwenye -0.1 ni -0.6, kwenye 0.1 ni 0.6. Hapo alama imebadilika, na mgeuko upo.

Nadhani jicho nalo huchangia kosa. Ukichora x⁴ kwenye karatasi ya grafu, pale 0.1 urefu ni 0.0001, kwa hiyo penseli inapita kama inachora mstari ulionyooka, na mtu anadhani jambo fulani limetokea hapo. Kilichopo ni kima cha chini kabisa: 4x³ ni hasi kushoto na chanya kulia.

Wengine hukimbilia derivativu ya tatu: ikiwa si sifuri, mgeuko upo. Ni kweli. Ila ikiwa sifuri, njia hiyo inanyamaza, haikatai. Kwa x⁵ derivativu ya tatu ni 60x², sifuri pale x = 0, na mgeuko upo, kwa sababu derivativu ya pili, 20x³, inabadili alama.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, ukishapata sifuri usiweke kalamu chini. Andika "huenda ni nukta ya mgeuko", kisha pima alama kushoto na kulia.