Ng'ombe aliyepotea kwenye kamusi: mti wa herufi unavyotafuta na kuhesabu maneno

Mwalimu mmoja wa darasa la nne alifika ofisini kwetu na simu mkononi. Alikuwa akitusaidia kujaribu kamusi ndogo ya wanafunzi, ile ambayo mtoto anaandika herufi mbili tatu, na papo hapo anaona maneno yote yanayoanza nazo, na idadi yake juu kabisa.

"Mbona kamusi yenu haina ng'ombe?" akauliza.

Nikamwomba aandike mbele yangu. Aliandika ng’o. Kamusi ikajibu: maneno 2, ng'oa na ng'onda. Basi. Alipoandika kit, ilileta maneno 8 sawasawa. Mimi nilijua ng'ombe yumo, kwa sababu neno hilo niliwahi kuliingiza kwa mkono wangu. Ili nieleze alikuwa amejificha wapi, itabidi kwanza nieleze maneno yamepangwaje ndani ya kamusi ya aina hii.

Hayakupangwa kama orodha ndefu. Yamepangwa kama mti, ambao wataalamu wa kompyuta huuita trai. René de la Briandais aliuandikia makala mwaka 1959, na mwaka uliofuata Edward Fredkin akaupa jina hilo. Hapa nitauita mti wa herufi, maana ndivyo ulivyo. Kuna mzizi mmoja usio na herufi, na kutoka hapo kila tawi hubeba herufi moja. Mahali tawi linapoishia panaitwa nodi, na nodi zinazoifuata moja kwa moja chini yake huitwa watoto wake. Neno ni njia ya kushuka kutoka mzizini, herufi baada ya herufi.

Tuchukue maneno manane aliyoyaona mwalimu: kiti, kitu, kituo, kitabu, kitanda, kitambaa, kitambo na kitambulisho. Yote yanapita k, kisha i, kisha t, kwa hiyo herufi hizo tatu zinahifadhiwa mara moja tu. Baada ya t njia inagawanyika mara tatu: i ya kiti, u ya kitu na a. Ile a nayo inagawanyika kwenda b ya kitabu, n ya kitanda na m. Chini ya m kuna b, na chini ya b ndipo kitambaa, kitambo na kitambulisho vinapoachana. Ukiziandika herufi za maneno hayo moja moja ni 53. Kwenye mti zinabaki nodi 23, bila kuhesabu mzizi.

Kila nodi ina vitu vitatu: watoto wake, alama inayosema kama neno kamili linaishia hapo, na namba ya maneno yaliyopita hapo. Ile alama wanaoanza huisahau sana. Bila alama, kompyuta haiwezi kujua kwamba kitu ni neno, kwa sababu njia haiishii pale, inaendelea hadi kituo. Na ukiamua kwamba kila nodi ni neno, basi kitamb nalo litakuwa neno.

Ile namba ndiyo inayojibu swali la "maneno mangapi". Kila neno jipya linaposhuka, huongeza 1 kwenye kila nodi linayoigusa. Maneno manane yakishaingia, nodi ya kit ina 8, ya kita ina 5, ya kitam ina 3, ya kitu ina 2. Mtoto akiandika kita, kompyuta hushuka hatua nne, inasoma 5 na kazi imekwisha. Haiyapitii yale maneno matano. Hata kamusi ingekuwa na maneno laki moja, hatua zingebaki nne, kwa sababu kazi inafuata urefu wa kilichoandikwa na si wingi wa maneno. Sisi namba hiyo tunaitumia kuamua la kufanya: maneno yakizidi ishirini skrini ya simu haiyabebi, kwa hiyo tunaonyesha idadi tu na kumngoja mtoto aongeze herufi.

Kwa anayeandika programu, kiini chake kwa Python ni hiki:

```python
class Nodi:
    def __init__(self):
        self.watoto = {}
        self.mwisho = False
        self.pita = 0

def shuka(mzizi, mwanzo):
    nodi = mzizi
    for h in mwanzo:
        if h not in nodi.watoto:
            return None
        nodi = nodi.watoto[h]
    return nodi

def hesabu(mzizi, mwanzo):
    nodi = shuka(mzizi, mwanzo)
    return nodi.pita if nodi else 0

def ongeza(mzizi, neno):
    nodi = mzizi
    nodi.pita += 1
    for h in neno:
        nodi = nodi.watoto.setdefault(h, Nodi())
        nodi.pita += 1
    nodi.mwisho = True
```

Hiyo `ongeza` ina kasoro, na nimeiacha makusudi, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo siku ile. Nitairudia.

Turudi kwa ng'ombe. Jicho la mtu likiona ng'o na ng’o linaona kitu kimoja. Kompyuta inaona viwili. Kwake kila herufi au alama hutambulika kwa namba yake: iliyonyooka ina namba 39, na iliyopinda ina namba 8217. Kibodi na programu nyingi za kuandikia hubadilisha iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kukuuliza. Orodha yetu ilitoka sehemu mbili. Moja tuliiandika kwenye programu ya kawaida, ikawa na alama iliyonyooka: ng'o, ng'oa, ng'oka na ng'ombe. Nyingine ilitoka kwenye waraka uliopambwa, ikawa na alama iliyopinda: ng’oa na ng’onda. Kwa hiyo chini ya n na g kulikuwa na matawi mawili yanayofanana machoni pa mtu. Simu ya mwalimu ilipinda alama, ikashuka tawi la maneno mawili, na ng'ombe akabaki upande wa pili.

Huu ndio ubaya wa kosa la aina hii: kamusi haikukwama wala kulalamika. Ilitoa jibu safi, 2, lakini si sahihi. Laiti tungetumia safu ya nafasi 26, moja kwa kila herufi kuanzia a hadi z, tungeligundua mapema, kwa sababu alama ya ng' haina nafasi humo na programu ingegoma kwenye neno la kwanza. Safu hiyo ina gharama yake, hata hivyo. Kwenye kompyuta ya biti 64 kila nafasi huchukua baiti 8, yaani baiti 208 kwa nodi moja. Mti wetu mdogo, mzizi ukiwemo, una nodi 24, hivyo nafasi 624, na zinazotumika ni 23 tu. Ndiyo maana tulichagua kuhifadhi watoto waliopo peke yao.

Njia ya kulibaini kosa ni rahisi: pitia mti mzima, kusanya kila herufi unayoikuta, kila moja mara moja, kisha zichapishe pamoja na namba zake. Kwa Kiswahili unatarajia herufi ndogo za kawaida na 39. Sisi tulikuta 8217, na juu yake tukakuta K kubwa, iliyotokana na jina la mahali lililoingizwa bila kushushwa herufi.

Tiba ni kusafisha kabla ya kuingiza na kabla ya kutafuta, kwa kanuni ile ile: herufi zote ziwe ndogo, na alama zote za aina hiyo zigeuzwe kuwa 39. Ukisafisha upande mmoja tu hujatibu kitu. Tukasafisha, tukaujenga mti upya, nikaandika ng'o. Kamusi ikasema maneno 6. Nikayahesabu kwenye skrini: ng'o, ng'oa, ng'oka, ng'ombe, ng'onda. Matano.

Hapo ndipo kasoro ya `ongeza` ilipojitokeza. Neno ng'oa lilikuwemo kwenye orodha zote mbili. Liliposhuka mara ya pili halikuunda nodi yoyote mpya, ila liliongeza 1 njia nzima. Kuna hesabu inayokamata kosa hili kila mara: namba ya nodi lazima ilingane na jumla ya namba za watoto wake, ukiongeza 1 kama neno linaishia hapo. Kwenye kita ni 1 ya kitabu, 1 ya kitanda na 3 za kitam, jumla 5, na hakuna neno linaloishia hapo, kwa hiyo ni sawa. Kwenye nodi ya mwisho ya ng'oa namba ilikuwa 2, watoto hawapo, alama ni 1. Hailingani, na mahali pa kosa panajulikana. Dawa yake ni mistari mitatu mwanzoni mwa `ongeza`:

```python
    n = shuka(mzizi, neno)
    if n and n.mwisho:
        return
```

Kufuta neno nako kunataka uangalifu huo huo. Hakikisha kwanza kwamba neno limo ndipo uanze kupunguza namba, la sivyo utapunguza hesabu ya majirani wasiohusika.

Nina tahadhari moja kwa walimu na wanafunzi wa isimu, kwa sababu tumeshaulizwa. Mwanzo wa neno katika mti huu si kiambishi awali. Kitam si kiambishi, ni herufi tano tu. Na idadi ya maneno yanayoanza na ki si idadi ya maneno ya ngeli ya ki-vi, kwani humo utamkuta kima wa porini na kilo ya sukari. Mti unajua herufi, haujui sarufi.

Na nisiusifu kupita kiasi. Kama orodha yako haibadiliki, ipange kialfabeti, tafuta kwa kugawa nusu kwa nusu mahali kita inapoanza na mahali inapoishia, kisha toa. Kwa maneno 50,000 kila utafutaji ni hatua zipatazo 16, na kumbukumbu inayotumika ni ndogo zaidi. Sisi tumebaki na mti kwa sababu maneno yetu yanaongezwa na kufutwa kila wiki, na kwa sababu kila herufi anayobonyeza mtoto ni hatua moja tu kutoka pale tulipokwisha kufika.

Mwalimu alirudi baada ya siku chache. Aliandika ng, akaweka alama, akaweka o. Maneno 5, na ng'ombe alikuwa wa nne. Akatazama kidogo, kisha akauliza, "Na mtoto anayeandika ngombe, bila alama?"

Ng'ombe angepotea tena, kwa sababu baada ya ng njia ya o inakwenda kwenye ngoma. Kwa watoto hao tumejenga mti wa pili mdogo, wenye maneno yaliyovuliwa alama, ambao kila mwisho wake unaelekeza kwenye neno lililoandikwa vizuri. Hesabu tunaendelea kuisoma kwenye mti wa kwanza peke yake, ili ng'ombe mmoja asihesabiwe wawili.