Konjugesheni si kuzaana, wala si mnyambuliko

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kwa mtu anayefundisha: “Bakteria huzaana kwa njia mbili, kujigawa na konjugesheni.” Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimesoma muhtasari wa mwanafunzi ambaye ametafsiri konjugesheni kuwa “mnyambuliko”, kwa sababu ndivyo neno hilo linavyotafsiriwa kwenye vitabu vya sarufi. Makosa haya mawili ni ndugu, na yote mawili yanamzuia mtu kuelewa jinsi usugu wa dawa unavyosambaa.

Kwanza maana, kwa haraka. Bakteria hupata jeni kwa kurithi kutoka kwa seli iliyojigawa na kumzaa. Huo tunauita urithi wa wima. Lakini pia anaweza kupata jeni kutoka kwa bakteria ambaye si mzazi wake, pengine hata si wa spishi yake. Huo ndio uhamishaji wa mlalo, nao una njia tatu kuu. Katika transfomesheni, bakteria anafyonza DNA iliyo wazi katika mazingira, mara nyingi mabaki ya bakteria waliokufa na kupasuka. Katika transdaksheni, DNA inabebwa na feji, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, ambacho kwa bahati mbaya kimefungasha kipande cha DNA ya mwenyeji badala ya yake. Katika konjugesheni, bakteria wawili hai wanagusana na mmoja anampa mwenzake nakala ya DNA, kwa kawaida plasmidi: duara dogo la DNA linalojinakili lenyewe, pembeni ya kromosomu.

Sasa jina. Kilatini kina neno jugum, yaani nira, ule mti unaofunga shingo za ng'ombe wawili walime pamoja. Con- ni “pamoja”. Kukonjugeti, basi, ni kufungwa nira moja. Wanasarufi wa Kilatini walilichukua kwa maana ya vitenzi vilivyofungwa katika kundi moja la maumbo. Sisi tulipotafuta neno la kazi inayokaribiana na hiyo tulichagua kunyambua, ambalo picha yake ni kuvuta na kuambua. Kwa kitenzi linafaa sana: piga unavuta unapata pigia, pigana, pigisha. Kwa bakteria picha inageuka kinyume kabisa, kwa sababu hapo hakuna kinachoambuliwa. Kuna wawili wanaounganishwa.

Kosa la kuzaana nalo lina asili yake, na silaumu sana wanaolirudia. Kilatini hichohicho kilitumia coniugium kwa maana ya ndoa. Joshua Lederberg na Edward Tatum, walipoonyesha mwaka 1946 kwamba aina mbili za E. koli, bakteria wa utumbo, zikichanganywa hutokea bakteria wenye sifa za pande zote mbili, walikuwa wakitafuta jinsia kwa bakteria. Plasmidi iliyohusika ikaja kuitwa F, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya uzazi, na bakteria mwenye nayo akaitwa dume. Lugha ya ndoa ikabaki vitabuni hadi leo.

Lakini hebu tuhesabu. Bakteria akijigawa, mmoja anakuwa wawili. Katika konjugesheni wanakutana wawili na wanaachana wawili. Hakuna mtoto. Kilichoongezeka ni nakala ya plasmidi, basi.

Tazama kwa karibu kinachotendeka katika E. koli. Mtoaji ananyoosha uzi mwembamba unaoitwa pilasi hadi uguse ukuta wa mwenzake, kisha anaurudisha ndani, na miili miwili inavutwa ikakaribiana. Ndani ya mtoaji, kimeng'enya kinakata uzi mmoja tu kati ya nyuzi mbili za plasmidi, mahali maalumu palipoandaliwa kwa kazi hiyo. Uzi uliokatwa unapitishwa kwenye mfereji ulio kwenye utando hadi upande wa pili. Kila upande sasa una uzi mmoja, na kila upande unautengenezea mwenzi wake. Kwa plasmidi ya ukubwa wa F, safari ya DNA yenyewe huchukua dakika chache tu. Mwishoni mtoaji hajapoteza kitu, na mpokeaji amekuwa mtoaji mpya anayeweza kumpa mwingine. Jambo hili la mwisho ndilo watu wanalolisahau wanaposema “kuzaana”: zawadi inakuja pamoja na uwezo wa kuitoa.

Swali la haki ni hili: tunajuaje ni njia ipi imetumika? Jeni ikishahama, bakteria aliyeipokea anaonekana vilevile kwenye sahani ya maabara, njia yoyote iliyotumika. Majibu yalitoka kwenye mrija wenye umbo la U. Bernard Davis, mwaka 1950, aliweka chujio katikati ya mrija huo, lenye vitundu ambavyo bakteria hawezi kupita ila maji ya lishe yanapita. Aina moja ya E. koli akaiweka upande huu, nyingine upande ule, akayasukuma maji huku na huku. Hakuna jeni iliyohama. Maana yake ni kwamba lazima wagusane, na hiyo ndiyo alama ya konjugesheni.

Miaka miwili baadaye, Norton Zinder na Lederberg walikuwa wakitafuta konjugesheni hiyohiyo katika Salmonela. Wakatumia mrija uleule, na jeni zikapita chujio. Ingekuwa DNA wazi, yaani transfomesheni, ungeongeza kimeng'enya kinachokatakata DNA na kila kitu kikasimama. Waliongeza, na jeni zikaendelea kupita. Kilichokuwa kikizibeba kilikuwa na ganda la kuzilinda: feji. Wakaiita transdaksheni, kutoka ducere, kuongoza, na trans-, hadi ng'ambo. Kuvushwa, kwa Kiswahili chetu. Transfomesheni ilikuwa imeshapata jina tangu Frederick Griffith, mwaka 1928, alipoona bakteria wa nimonia wasio na ganda wakigeuka kuwa na ganda baada ya kudungwa kwenye panya pamoja na wenzao waliouawa kwa joto. Aliita alichokiona, yaani kubadilika umbo, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kilichohama ni DNA. Hilo lilionyeshwa na Avery, MacLeod na McCarty mwaka 1944. Kwa hiyo tafadhali, transfomesheni nayo isitafsiriwe “mabadiliko ya jeni”. Mabadiliko ya jeni ni mutesheni, kosa la kunakili ndani ya bakteria mwenyewe. Transfomesheni ni kuokota cha mwingine.

Kwamba tofauti hizi si za kitabuni tu kulionekana Japani miaka ya 1950. Ugonjwa wa kuhara damu uletwao na Shigela ulikuwa mwingi, na madaktari walianza kukuta Shigela wasiouliwa na dawa nne kwa mpigo: za salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Maelezo yaliyozoeleka wakati huo yalikuwa mutesheni. Tuchukue, kwa makadirio tu, kwamba mutesheni ya kumkinga bakteria na dawa moja hutokea kwa mmoja kati ya milioni 100. Kupata nne kwa pamoja katika seli moja ni mmoja kati ya 1 inayofuatwa na sifuri 32. Bakteria wote walio katika mwili wa mtu, ukiwajumlisha, ni makumi ya trilioni, yaani tarakimu 14. Hesabu haifiki hata karibu.

Tena kulikuwa na dalili nyingine. Mgonjwa mmoja alitoa kinyesi chenye Shigela wanaouawa na dawa na Shigela wa aina ileile wasiouawa na hata moja kati ya zile nne. Na E. koli wa utumbo wa wagonjwa hao, ambao hawakuwa wakiwadhuru, nao walikuwa sugu kwa dawa zilezile. Mwaka 1959, Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, kila mmoja na kundi lake, walionyesha kwamba ukichanganya E. koli sugu na Shigela asiye sugu kwenye lishe ya maabara, Shigela anakuwa sugu kwa dawa zote nne kwa pamoja. Ukiondoa seli na kuacha maji yaliyochujwa, hakuna kinachohama. Mrija wa U ulikuwa umeshatufundisha kusoma jibu hilo.

Moja ya plasmidi zilizotoka kwa Shigela wa Japani wa wakati huo, iitwayo R100, imechunguzwa sana tangu hapo. Jeni za kukinga dhidi ya dawa zote nne zimekaa juu yake, na pembeni yao zipo jeni za kuhimili zebaki. Ndiyo sababu ukiacha kutumia dawa moja kati ya hizo usugu hauondoki: yoyote kati ya zilizobaki, au hata zebaki, inaendelea kumwacha hai mwenye plasmidi na kumwua asiyekuwa nayo. Dawa haikuziumba jeni hizo. Ilichofanya ni kuwafyeka majirani.

Hapa ndipo pia utaona kwa nini konjugesheni huwatisha madaktari kuliko zile mbili nyingine, hasa kwa bakteria wa utumbo. Katika transfomesheni kipande kilichofyonzwa lazima kwa kawaida kijiunge na kromosomu mahali panapofanana nacho, hivyo kinahama vizuri kati ya jamaa wa karibu. Penisilini ilianza kushindwa kwa bakteria wa nimonia kwa sababu waliokota vipande kutoka kwa binamu zao wanaoishi mdomoni na kooni bila madhara. Feji huchagua mwenyeji kwa ukali na kichwa chake kina nafasi yenye kikomo, ingawa kwa Stafilokoki transdaksheni ndiyo njia kubwa. Plasmidi haihitaji kufanana na kromosomu ya mwenyeji. Inajinakili yenyewe, inabeba jeni nyingi kwa safari moja, na inaruka kutoka spishi hadi spishi. Hata hivyo haikimbii ovyo: plasmidi nyingi za usugu hujizuia, zinajenga pilasi katika seli chache tu kwa wakati mmoja, na seli yenye plasmidi ya ukoo mmoja mara nyingi hukataa nyingine ya ukoo huohuo.

Kwa hiyo, kwa yule mwalimu, naomba badala ya “huzaana kwa konjugesheni” useme “hupeana plasmidi kwa konjugesheni”. Sentensi haijarefuka, na mwanafunzi hatatafuta mtoto ambaye hayupo. Na kwa mwanafunzi wa mnyambuliko: ukitaka neno la Kiswahili kabisa, “kuungana” linatosha, au acha konjugesheni ilivyo na kumbuka nira.