Weupe Ukizidi, Jasho la Glasi Hupotea

Wiki hii nimeletewa tena prompti ya tangazo la kinywaji, yaani maelezo anayoandikiwa programu ya akili mnemba ili ichore picha, na ndani yake weupe umetajwa mara tano. Mwenye prompti ana mkahawa hapa Kisumu, anauza kinywaji cha tangawizi kwa glasi, na malalamiko yake ni kwamba kila anapoongeza weupe ili picha iwe safi, glasi inazidi kupauka na matone yanafutika. Nilikuwa nikipiga picha za bidhaa kabla akili mnemba haijaanza kutuchorea, na jambo hili nimelieleza mara nyingi kiasi kwamba sasa naliandika ili niwe nawatumia watu wasome wenyewe.

Glasi na tone la maji havina rangi. Jicho huviona kwa kingo zake tu. Tone ni lenzi ndogo: hupinda mwanga na kuonyesha, kichwa chini, kile kilicho nyuma yake. Ukiizungushia glasi weupe pande zote, tone litaonyesha weupe juu ya weupe, yaani halitaonyesha kitu. Ndiyo maana studioni huweka usuli mweupe ulioangazwa kwa nyuma, lakini tunaupunguza uenee ndani ya fremu tu, kisha tunasimamisha kadibodi nyeusi kushoto na kulia, nje kidogo ya picha. Ukingo wa glasi hupinda mwanga kwa nguvu, kwa hiyo huuchukua ule weusi wa pembeni na kuchora mstari mwembamba wa giza, na kila tone nalo hupata utepe wake mweusi. Usafi anaoutafuta mteja wangu unatokana na weusi huo ambao haonyeshwi.

Kwenye prompti, hata hivyo, kuna mtego ulionigharimu jioni nzima. Niliandika kwamba kuna kadibodi nyeusi pande zote mbili, na programu, kwa utiifu wa kuudhi, ikanichorea kadibodi mbili zimesimama kando ya glasi kama milango ya choo. Tangu hapo nataja kinachoonekana kwenye glasi na kuacha vifaa vya studio. Sidai kwamba programu inaelewa jinsi mwanga unavyopinda. Nashuku imeona tu picha nyingi zilizoambatana na maneno ya aina hiyo, na hata sasa katika picha nne napata moja au mbili zenye kingo ninazozitaka.

Matone yenyewe ndiyo yanayonikera zaidi. Yeyote aliyewahi kuacha soda baridi mezani saa saba mchana karibu na ziwa anajua kwamba jasho hutoka pale kioo kilipopoa, yaani kuanzia usawa wa kinywaji kwenda chini, huku sehemu ya juu ikibaki kavu au karibu kavu. Programu hunyunyiza matone hadi mdomoni mwa glasi, yote yakiwa na ukubwa mmoja, kama malengelenge. Jasho la kweli huchanganya madogo na makubwa. Tone likishiba huteleza, humeza madogo yaliyo njiani, na kuacha mfereji safi nyuma yake. Mfereji mmoja au miwili humshawishi mtazamaji kuliko matone mia. Neno la kuepuka ni "wet", kwa maana huleta glasi iliyonyeshewa mvua.

Barafu ielee, sehemu ndogo tu ikitokeza juu. Hapa nilimwomba mteja aniletee kinywaji chenyewe, na kumbe hakichujwi sana, kina ukungu. Kinywaji kilichochujwa hupitisha mwanga wa nyuma na kung'aa kama dhahabu. Chenye ukungu huutawanya mwanga, kikawaka kwa upole kama taa iliyofunikwa kitambaa, na barafu iliyozama ndani haionekani isipokuwa ile iliyogusa kioo. Prompti yake ya awali ilikuwa ikitangaza kinywaji asichokiuza. Hii ndiyo niliyomwandikia:

```
Tall glass of slightly cloudy pale-gold ginger drink,
ice floating at the surface, soft light from directly
behind, plain bright white background. Thin dark edge
lines down both sides of the glass. Fine droplets of
mixed sizes below the drink line, two run tracks,
dry rim.
```

Matone yakiendelea kupotea, usiguse sentensi ya matone. Punguza kwanza "bright" kwenye usuli. Glasi ikitoka ya kijivu na nzito, mistari ya giza imezidi, na neno "thin" linahitaji kusogezwa mwanzo wa prompti au kurudiwa. Jina la mkahawa usiliombe kabisa, kwa sababu herufi huweza kutoka zimepinda. Nililibandika mwenyewe baadaye. Mteja aliipokea picha ya tatu, kisha akauliza kama usuli hauwezi kuwa mweupe zaidi kidogo.