Pesa zimetoka, tiketi haijaja

"Kwa nini nikilipia kitu mtandaoni kikakwama, mhudumu mmoja ananiambia malipo yanashughulikiwa, wa pili anasema yamefeli, wa tatu anasema yamesharejeshwa, na wote wanaandika kama mashine?"

Kwa sababu kila mmoja anasoma skrini yake, na akishasoma anachagua jibu la tayari lililoandikwa na mtu ambaye hakuwa akiiona skrini hiyo. Najua, maana kwa muda fulani mtu huyo nilikuwa mimi, katika kampuni moja iliyouza tiketi za basi za Mombasa kwenda Nairobi.

Tuanze na njia yenyewe ya pesa, kwa mfano wa M-Pesa nchini Kenya. Ukibonyeza "lipa", mfumo wa muuzaji hupeleka ombi Safaricom kupitia lango linaloitwa Daraja. Kidirisha cha PIN kinatokea kwenye simu yako, unaweka PIN, salio linapungua. Baada ya hapo habari hugawanyika njia mbili: SMS yenye msimbo wa herufi na tarakimu, jumla yake 10, inakuja kwako, na taarifa ya matokeo inakwenda kwenye seva ya muuzaji. Kama seva hiyo imezimika kwa dakika mbili, wewe una SMS mkononi na muuzaji hana habari. Skrini ya mhudumu inaandika `Pending`.

Neno hilo ndilo lililotutia aibu. Sisi tulilifasiri "malipo hayajakamilika", wakati maana yake halisi ni "bado hatujaambiwa". Jioni moja mama mmoja alilipa Sh1,500 saa 1:42, akapata SMS yake, tiketi haikuja. Aliandika saa 1:50. Mhudumu akabonyeza jibu la tayari: "Mpendwa mteja, malipo yako hayajakamilika. Tafadhali jaribu tena." Mama akajaribu tena. Sasa Sh3,000 zilikuwa zimetoka, na mhudumu wa zamu ya usiku akamwandikia kwamba malipo ya kwanza yamefeli, kwa kuwa kufikia wakati huo mfumo wetu ulikuwa umechoka kungoja na kubadilisha rangi kutoka njano kuwa nyekundu. Hakuna aliyekuwa ameuliza Safaricom lolote.

Kwa hiyo nilipoanza kuyaandika upya majibu ya tayari, sikuanza na lugha tamu. Nilianza na sharti: mhudumu haruhusiwi kutuma jibu la "zimekwama", "hazikutoka" au "zimerudi" kabla ya kuangalia jambo mahususi. Kwa "zimekwama" inatosha kwamba skrini haina matokeo. Kwa "hazikutoka" lazima awe ameuliza hali ya muamala kwa Daraja na kupata jibu, siyo kuona nyekundu tu. Jibu jipya la kukwama likawa hivi:

"Usilipe tena kwa sasa. Mfumo wetu bado haujapata jibu la M-Pesa kuhusu Sh1,500 za saa 1:42 jioni. Kama umepata SMS ya M-Pesa, nitumie msimbo wake nikuangalizie. Nitakuandikia kabla ya saa 2:15, hata kama jibu litakuwa halijapatikana."

"Usilipe tena" imewekwa mbele kabisa kwa makusudi, maana mtu aliye stendi na simu yenye chaji asilimia nne hasomi mpaka mwisho. Saa iliyotajwa ni ya saa ya ukutani. "Ndani ya muda mfupi" kila mtu ana wake. Na tunaomba msimbo tu. PIN haiulizwi, na jibu lolote la tayari linaloitaja PIN tulilifuta, hata lile lililoonya "usitupe PIN yako", kwa kuwa matapeli walikuwa wakilinakili ili waonekane sisi.

Kwenye malipo yaliyofeli kuna mtego mwingine. Daraja hurudisha sababu kwa namba: `ResultCode` ikiwa `1` salio halikutosha, `1037` simu haikupatikana au mteja hakujibu, `1032` ombi limeghairiwa. Tuliandika jibu la 1032 kwa moyo mweupe: "Ulighairi malipo." Watu wakaja juu. Kumbe namba hiyohiyo huweza kuja pia pale kidirisha kinapokwisha muda kabla hujaweka PIN, tuseme ulikuwa unamlipa kondakta wa matatu huku simu iko mfukoni. Umemwambia mtu amefanya jambo ambalo hakulifanya. Sasa linasema: "Malipo hayakuthibitishwa kwenye simu yako, na hakuna pesa zilizotoka. Unaweza kulipa tena." Kiswahili kimetusaidia hapo, "hayakuthibitishwa" haimnyooshei mtu kidole. La salio nalo tuliliandika bila kusema "huna pesa", kwa sababu zisizohitaji maelezo.

Lililonichukua muda mrefu zaidi ni la kurudisha pesa. Wahudumu wetu walikuwa na "zimerudi", "zimerudishwa", "zimerejeshwa", "muamala umebatilishwa" na "tumezirivasi". Mteja akipokea mawili kati ya hayo siku moja hudhani ni mambo mawili. Isitoshe, "zimerudishwa" linasema upande wa mtoaji, ilhali anayesubiri anataka kujua kama zimefika. Tukakubaliana maneno mawili basi: "tumeziagiza zirudi", tukishatuma agizo, na "zimerudi", tukishaona kwamba urejeshaji umepita na una msimbo wake wenyewe. Msimbo huo mteja anapewa, ili autafute kwenye SMS zake. "Zitarudi" peke yake tuliipiga marufuku. Ni ahadi ya mtu asiyeshika pesa hizo.

Kwa kadi ya benki mambo ni tofauti, na ukitumia jibu la M-Pesa utaongopa. Mara nyingi benki huwa imezishika tu pesa, haijampa muuzaji. Muuzaji akiiambia benki iziachie, salio linalotumika huongezeka na ule mstari wa "pending" hutoweka kwenye taarifa ya akaunti. Hakuna kinachoingia. Ukimwambia mteja "tumekurudishia", atakesha akitafuta mstari wa pesa zilizoingia ambao hautakuja kamwe. Tunamwandikia: "Benki yako ilizishika Sh1,500 lakini hazikutufikia. Tumeiambia iziachie. Mstari huo utafutika. Hutaona pesa zikiingia." Kama pesa zilishachukuliwa kweli na sasa zinarejeshwa, hapo ndipo kuna namba ya kufuatilia yenye tarakimu 23, ARN, ambayo mteja anaweza kuipeleka kwenye benki yake.

Je, wahudumu wote hawakuanza kusikika sawasawa? Kwa sehemu moja, ndiyo, na ndivyo tulivyotaka: sentensi ya hali ya pesa, kiasi, na saa havibadilishwi hata nukta. Salamu, jina, "mama", "kaka", pole ya namna yake, hivyo ni vya mhudumu. Tulichokifuta bila majuto ni "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Neno "wowote" linaonyesha kama tuna shaka iwapo usumbufu ulitokea. Badala yake mhudumu anautaja usumbufu wenyewe.

Yule mama, kesho yake asubuhi, aliandikiwa hivi: "Shikamoo mama. Pole, tulikwambia ulipe tena na haikuwa sahihi. Sh1,500 zimetoka mara mbili. Tiketi yako ni hii hapa, na zile za pili nimeziagiza zirudi. Nitakutumia msimbo zikisharudi."

Akajibu: "Marahaba. Nipe siti ya dirishani."